Baba Amekufa: Namna ya Kumweleza Mtoto Mdogo Habari za Msiba

Kiswahili kina maneno mengi ya kulikwepa neno kufa. Mtu hufariki, huaga dunia, hututoka, hupumzika, hutangulia mbele ya haki. Maneno haya ni ya adabu, na kwa watu wazima hayana shida, kwa sababu anayeyasikia anajua tayari kilichofunikwa. Mtoto wa miaka minne au mitano hajui. Yeye hulipokea neno kama lilivyo: aliyesafiri atarudi na zawadi, aliyelala ataamka, aliyetutoka yuko nje mahali fulani. Kwa sababu hiyo washauri wanaohudumia watoto waliofiwa husisitiza jambo ambalo wazee wengi huliona kuwa la ukali: mtoto aambiwe kwa neno lenyewe, kwamba baba amekufa, kisha aelezwe maana yake.

Kueleza maana ndiyo sehemu ngumu. Mwaka 1948 mtafiti wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha uchunguzi aliofanya kwa watoto wa Budapest wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Aliona kwamba walio chini ya miaka mitano hivi walikichukua kifo kuwa ni kuondoka au kulala: aliyekufa yupo mahali pengine, anaishi kwa uchache, na huenda akarudi. Watafiti waliomfuata waliligawa wazo la kifo katika mambo matatu ambayo mtoto hujifunza moja moja. La kwanza, aliyekufa harudi. La pili, mwili wake umeacha kufanya kazi zote, haupumui, hausikii, hauoni njaa. La tatu, kila kilicho hai hufa, akiwemo mtoto mwenyewe. Watoto wengi huyashika yote kati ya miaka mitano na saba. Kabla ya hapo huweza kulia kwa uchungu asubuhi kwamba baba amekufa, na jioni wakamwekea chakula.

Hata neno kufa lenyewe lina mtego wake. Mtoto anayekua mjini leo amelisikia mara nyingi kabla ya kufiwa: simu imekufa, betri imekufa, gari la mjomba limekufa njiani. Simu huchomekwa ukutani ikawaka. Gari huitiwa fundi likaondoka. Kwa hiyo mtoto anaposikia baba amekufa, huenda akauliza kwa utulivu kabisa atapona lini, au kwa nini daktari hamtengenezi. Haitoshi kulitaja neno na kunyamaza. Linahitaji sentensi mbili tatu za kulifafanua kwa mambo ya mwili: moyo wake umeacha kupiga, hapumui tena, hasikii baridi wala maumivu, na hakuna daktari anayeweza kuurudisha mwili wake ufanye kazi. Hatarudi nyumbani.

Mafumbo yanayotumika sana yana madhara yanayoonekana baadaye, wakati ambapo wakubwa hawakumbuki tena walichosema. Mtoto aliyeambiwa bibi amelala hukataa kulala mwenyewe, au humwamsha mama kila saa usiku kuhakikisha. Aliyeambiwa baba amesafiri hukasirika kwa nini hakuagwa, husubiri kila basi, na mama naye akisafiri kweli kwa siku mbili, hulia kama aliyefiwa upya. Aliyeambiwa Mungu amempenda baba zaidi, akamchukua, huogopa kupendwa. Na anayeambiwa kwamba mama aliugua tu akafa, siku atakapopata homa yeye mwenyewe atajiona yuko njiani. Katika nchi ambazo malaria humpata mtoto mara kwa mara, hili la mwisho si dogo. Ugonjwa ulioua unatakiwa kutajwa kwa jina lake na kutengwa na homa za kawaida: ulikuwa mkali mno, si kama ule wako wa juzi uliopona kwa dawa.

Mfano wa nyumba moja utaonyesha jinsi mazungumzo yanavyokwenda. Chukulia mtoto wa kike wa miaka mitano, baba yake dereva wa bodaboda, aliyegongwa na lori usiku na kufia hospitali kabla ya alfajiri. Asubuhi majirani wameanza kuingia, viti vimepangwa uani, akina mama wanalia. Mtoto amepelekwa nyumba ya pili akapewa chai na katuni. Nia ni njema, lakini saa zinakwenda, na kwa jirani kuna watoto wakubwa waliokwisha kusikia. Wao ndio watakaomwambia, tena wakiwa wanacheza.

Anayefaa kumwambia ni mtu wa karibu kuliko wote aliyebaki, yaani mama, hata kama machozi yanamtoka. Akishindwa, dada yake amsemee, mama akiwa amemshika mtoto. Si baba mdogo aliyetoka mkoani leo, ambaye mtoto hamfahamu vizuri. Mahali pawe chumbani, mlango umefungwa, redio imezimwa, na mtoto akae pajani au karibu kwa kugusana. Maneno yasizidi anayoweza kuyabeba. Mama mdogo anaweza kusema hivi: "Mwanangu, kuna jambo la huzuni sana. Jana usiku pikipiki ya baba iligongwa na lori. Kichwa chake kiliumia sana, sana. Madaktari walijaribu kumtibu, wakashindwa. Baba amekufa."

Kisha anyamaze. Wakubwa wengi huharibu hapa, maana ukimya huwatisha, nao huujaza kwa usijali na usilie. Mtoto wa umri huu akiachiwa nafasi hufanya moja kati ya mambo matatu. Hulia, na hapo hukumbatiwa bila kubembelezwa anyamaze. Au huuliza: "Baba atakula wapi?" Swali hilo linaonyesha wazi ni jambo gani kati ya yale matatu bado hajalishika, na jibu lake ni la mwili: mtu akifa haoni njaa, hali tena. Au husema, "Naomba nikacheze," akatoka mbio.

Hili la tatu huwaumiza wakubwa kuliko yote. Huona mtoto hana uchungu, au hajaelewa, au ni mkaidi. Ukweli ni kwamba mtoto mdogo hawezi kuukalia msiba kwa saa nzima kama mtu mzima. Huuingia, akatoka, akaurudia, mithili ya mtoto anayevuka madimbwi baada ya mvua. Dakika kumi za kilio hufuatwa na nusu saa ya kuruka kamba, halafu usiku wakati wa kuvua viatu swali linarudi. Kucheza ni pumziko lake. Huenda pia akacheza mazishi: akamlaza mwanasesere, akamfunika kitambaa, akachimba shimo. Asichapwe wala kukemewa kwamba anacheza na mambo mabaya. Ndivyo anavyolisoma jambo lililotokea.

Nyuma ya maswali yake yote huwa kuna matatu, ingawa si kila mtoto atayatamka. Je, ni mimi niliyesababisha? Je, mama naye atakufa? Nani atanitunza? La kwanza huwashangaza wengi. Mtoto wa miaka minne hadi sita anaamini kwamba mawazo yake yana nguvu. Ikiwa Jumanne alikasirika akamwambia baba "sikutaki," na Jumatano baba akafa, kwake mambo hayo mawili yameungana. Hatasema, kwa kuwa anadhani ni siri yake mbaya. Kwa hiyo huambiwa bila kusubiri aulize: hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza kilichomfanya baba afe. Ni lori. Sentensi hiyo hurudiwa tena wiki zinazofuata, katika siku tofauti.

La pili halijibiwi kwa ahadi. Mama akisema hatakufa kamwe, amesema uongo ambao mtoto mwenyewe, baada ya kuona baba amekufa, ana sababu ya kuushuku. Jibu la kweli lipo: watu wengi huishi mpaka wakazeeka sana, mimi ni mzima, nakula na natibiwa nikiugua, natarajia kuishi mpaka uwe mtu mzima. Na hapo hapo huingia la tatu. Hata ikitokea, yupo mama mdogo, yupo bibi, yupo mjomba, nawe hutakosa wa kukulea. Hapa familia kubwa za Afrika Mashariki zina utajiri ambao vitabu vingi vya kigeni havina, ili mradi watu hao watajwe kwa majina na wawe kweli wamekubali. Mtoto anataka kusikia jambo dogo na la hakika kuliko neno tutakutunza: kesho atakayekupeleka shule ni mjomba, kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa akikupeleka.

Kuna mfano wa hadharani wa haya yote ambao wataalamu bado huutaja. Desemba 1982 nchini Marekani alikufa Will Lee, mwigizaji aliyecheza kama Mister Hooper, muuza duka katika kipindi cha watoto cha Sesame Street. Watayarishaji wangeweza kusema mzee amestaafu na kuhama. Walichagua kumzika kwa ukweli, wakipata ushauri wa wataalamu wa malezi, na kipindi kikarushwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya mapumziko ambapo wazazi wengi walikuwa nyumbani na watoto wao. Ndege mkubwa wa manjano, mwenye akili ya mtoto wa miaka sita, anachora picha za marafiki zake wote na kumtafuta Hooper ampe yake. Anakumbushwa kwamba amekufa. Anasema basi atampa akirudi. Wakubwa wanamwambia, sauti zikiwakatika, kwamba aliyekufa harudi. Na swali lake linalofuata si la mbinguni wala la kaburini: nani sasa atamtengenezea kinywaji chake na kumsimulia hadithi? Mmoja wa waliopo pale anamjibu kwamba yeye ndiye atakayekitengeneza. Watayarishaji waliacha kwa makusudi kutaja hospitali na uzee, wasije watoto wakaogopa kulazwa au kuwaogopea babu zao.

Waliacha pia habari za dini, kwa kuwa watazamaji wao walikuwa wa imani tofauti. Nyumbani hakuna haja hiyo. Familia yenye imani itamwambia mtoto inachoamini, na itakuwa faraja ya kweli. Tahadhari ni ya mpangilio tu: mwili kwanza, roho baadaye. Mtoto akisikia baba yuko mbinguni kabla hajaelewa kwamba mwili umekufa, mbinguni huwa ni mji mwingine wenye kituo cha basi, na atauliza kwa nini wasiende kumtembelea. Akishajua mwili haufanyi kazi na utazikwa, ndipo aambiwe: sisi tunaamini roho ya baba iko kwa Mungu. Pia maneno ni mapenzi ya Mungu yana maana pana kwa mtu mzima aliyeishi na imani yake miaka mingi. Mtoto wa miaka mitano huweza kusikia tu kwamba Mungu alimuua baba.

Kisha ni msiba wenyewe. Mtoto hahitaji kuona kila kitu, lakini anahitaji kuambiwa mapema atakachokiona. Kutakuwa na watu wengi, wengine watalia kwa sauti kubwa, hata babu huenda akalia. Mwili wa baba utakuwa ndani ya jeneza, au utavikwa sanda na kubebwa kwenye jeneza la msikiti. Utawekwa kaburini, udongo utafukiwa juu, na baba hatasikia chochote. Neno mwili lenyewe hutaka uangalifu, maana kuna watoto wanaodhani mwili ni kuanzia shingo kwenda chini, na waliposikia mwili wa baba umo sandukuni wakakosa usingizi wakiwaza kichwa kimewekwa wapi. Inatosha kusema: baba mzima, kichwa, mikono na miguu.

Kama atahudhuria mazishi au hatahudhuria hutegemea desturi na mtoto mwenyewe. Kwa Waislamu wa pwani maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku ile ile, na kwa kawaida wanawake hawaendi makaburini. Kwa Wakristo wengi kuna kuaga mwili, na huenda kukawa na safari ndefu ya kwenda kuzika kijijini. Popote ilipo desturi ya watoto kushiriki, mtoto aulizwe anataka nini, na akisema hataki kumwangalia marehemu usoni asilazimishwe wala kunyanyuliwa juu ya jeneza. Apewe mtu mmoja mzima wa kukaa naye, mtu asiyelemewa sana, shangazi au mwalimu wake, ambaye kazi yake siku hiyo ni mtoto huyo tu, na anayeweza kutoka naye nje akichoka. Asiyekwenda makaburini apelekwe baadaye, maana mtoto asiyejua baba alipozikwa huendelea kumtafuta.

Yapo mengine yanayomchanganya ambayo hakuna anayefikiria kuyaeleza. Baba ghafla anaitwa marehemu, na mtoto huona kama kuna mtu mwingine anazungumziwa. Mama Mwislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, havai mapambo. Mtoto akiachwa bila maelezo hudhani mama naye anaugua ugonjwa ule ule, au amenuniwa. Dakika mbili zinatosha: hivi ndivyo mjane anavyomkumbuka mumewe katika dini yetu, siku zina mwisho, mama haumwi.

Talaka hufuata njia ile ile kwa sehemu kubwa, ila inatofautiana mahali pamoja. Kifo hufunga mlango; talaka huuacha wazi kidogo, na mtoto huchungulia hapo kwa miaka. Atajifanya mgonjwa ili baba na mama wakutane kitandani kwake. Kwa hiyo pamoja na kuambiwa si kosa lako, anahitaji kusikia kutoka kwa wote wawili, ikiwezekana kwa pamoja, kwamba hawatarudiana, kwamba ndoa huisha lakini uzazi hauishi, na atalala wapi Ijumaa ijayo. Kumwambia baba amesafiri kikazi, hali amehamia mtaa wa pili, ni uongo unaodumu mpaka siku mtoto atakapomwona sokoni.

Turudi kwa yule binti wa bodaboda. Matanga yamekwisha, viti vimerudishwa, na sasa ndipo kazi yake inaanza. Wiki zinazofuata atauliza swali lile lile mara ishirini. Anarudia kuhakikisha kwamba jibu la leo linalingana na la jana, kwa hiyo lijibiwe kwa maneno yale yale. Huenda akaanza tena kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kulia akiachwa mlangoni mwa darasa, au kulalamika tumbo kila asubuhi. Mwili wake umerudi nyuma mahali alipojiona salama. Haya hupungua yenyewe ikiwa saa za kula, kuoga na kulala zimebaki zilivyokuwa, na ikiwa hapelekwi mara kwa shangazi, mara kwa bibi, kila wiki nyumba mpya. Mwalimu wake aambiwe, na aambiwe pia maneno yaliyotumika nyumbani, ili asije akamwambia kwamba baba yuko safarini.

Mama naye si lazima ajifiche kulia. Mtoto akimkuta, inatosha kusema: nalia kwa sababu nimemkumbuka baba, si kwa kosa lako, nitanyamaza baadaye na tutapika. Kinachomtisha mtoto ni mama aliyezima kabisa, asiyepika wala kumwitikia. Uchunguzi mkubwa wa Wamarekani William Worden na Phyllis Silverman, uliowafuatilia watoto 125 wa familia 70 zilizofiwa mzazi, ulionyesha kwamba hali ya mtoto hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi mzazi aliyebaki anavyomudu maisha. Kwa hiyo jirani anayechota maji, anayepika na kumpa mjane saa mbili za usingizi, anamtibu mtoto bila kujua.

Kumbukumbu ziwekwe, zisifichwe. Kuna nyumba ambamo picha za marehemu hufungiwa sandukuni ili mtoto asahau, naye husahau kweli uso, na kuja kulilia hilo akiwa mkubwa. Miaka ya 1990 nchini Uganda, akina mama wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: babu yako ni nani, ulizaliwa wapi, ulipenda kula nini, mimi nilikuwa msichana wa namna gani. Kuandika kuliwasaidia pia kuwaambia watoto ukweli wa ugonjwa wao wakiwa bado hai. Kwa binti yetu inatosha daftari la kawaida lenye picha, kofia ya baba ya pikipiki ikiwa imesalia na mtoto anaitaka, na shati lisilofuliwa. Harufu ya shati hufanya kazi ambayo picha haiwezi.

Zipo dalili zinazoonyesha msaada wa nyumbani hautoshi. Mtoto aliyeacha kabisa kucheza. Anayekonda. Anayejiumiza au kuwaumiza wengine kila siku. Anayesema anataka kufa amfuate baba, tena anarudia na hataki kuacha. Kauli hii mara nyingi kwa mtoto mdogo ina maana ya kumtamani baba tu, lakini aulizwe kwa upole atafikaje huko, na jibu lisipuuzwe. Au huzuni isiyolegea hata kidogo baada ya miezi sita hivi, muda ambao madaktari wa akili nao huutumia kupima majonzi ya mtoto yaliyopitiliza. Pa kuanzia ni kliniki ya watoto au idara ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, au ofisi ya ustawi wa jamii. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina namba ya simu ya watoto, 116, nayo hupigwa bure. Mzazi au mlezi anaruhusiwa kuipiga kwa niaba ya mtoto.